Wimbo wa kupura haupandii mahindi

Siku ya kumi na mbili baada ya kupanda, Shangazi alinipeleka shambani bila kusema tunakwenda kufanya nini. Sauti yake ilikuwa haijarudi bado. Mafua ya Kilolo mwezi wa Desemba, ukungu ukiwa umekaa juu ya vilima mpaka saa tatu, yakikushika kooni hayakuachii haraka. Alitembea mbele, mimi nyuma, tukapita mistari ya kwanza ya mahindi. Ilikuwa imeota vizuri, miwili miwili, kama watoto wa shule waliopangwa na mwalimu. Tulipofika katikati ya shamba akasimama.

Kuanzia pale shamba lilikuwa limeng'oka meno. Mche hapa, halafu shimo tupu, shimo tupu, mche mmoja, shimo tupu. Nilihesabu mstari mmoja mzima, mashimo 117, na mashimo 41 hayakuwa na kitu. Nikarudi nikahesabu mstari mmoja wa upande wa juu, ule mzuri: yaliyokosa yalikuwa 6, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamefukuliwa na kunguru, alama zao zilionekana wazi.

Mbegu ilikuwa ya mfuko ule ule, udongo ni ule ule, tena siku ni moja na watu ni wale wale. Mpaka kati ya shamba zuri na shamba baya ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa panga, mstari wa 40 na wa 41. Shangazi akachukua kijiti, akachimbua shimo moja tupu taratibu, akatoa mbegu mbili. Zilikuwa zimevimba kidogo halafu zikafa, ngozi imekuwa ya kahawia, na chembe za mbolea zimezigusa ubavuni. Akanong'ona:

"Mbegu imelala na mbolea."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa: "Baada ya uji ulikuwa unawaimbia nini?"

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Kwetu shamba la ekari moja bado tunalipanda kwa kualikana. Unapika komoni siku kadhaa kabla, unaandaa togwa kwa wasiokunywa, unapita nyumba kwa nyumba, na siku yako wanakuja. Wiki inayofuata wewe unakwenda kwao. Shangazi yangu ndiye mwimbishaji wa upande wetu kwa miaka mingi, na ule mwaka, 2018, mafua yalipomkuta, watu waliniangalia mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Iringa mjini, huko nilikuwa naimba kwaya, sauti ya pili, na kwa kweli nilijiona. Nilidhani kazi ya mwimbishaji ni kuwa na sauti nzuri na kujua nyimbo nyingi.

Tulikuwa kumi na wawili, makundi manne ya watu watatu. Kila kundi lina mstari wake. Wa kwanza ana jembe, anachimba. Wa pili ana bakuli la mbolea ya kupandia, DAP, na kizibo cha soda cha kupimia: kizibo kimoja kwa shimo, halafu anafunika na udongo kidogo kwa mguu. Wa tatu ana mbegu kwenye mfuko wa kiunoni, anadondosha mbili juu ya ule udongo na kufukia, naye kwa mguu. Kamba yenye mafundo kila sentimita 60 imelazwa kuonyesha mashimo, na watoto wawili wanaihamisha sentimita 75 kila mstari unapoisha, wakipima kwa fimbo iliyokatwa kwa kipimo hicho. Shamba la hatua 70 kwa 70 linatoa mistari kama 93 hivi.

Huo udongo wa katikati ndio kila kitu. Chembe za mbolea ni chumvi. Zikiwa na tabaka la udongo juu yake, mbegu inaota kwanza, mizizi inazikuta baadaye zimekwisha kulainika na kusambaa. Zikigusa mbegu moja kwa moja, hasa udongo ukiwa hauna maji ya kutosha, zinainyang'anya ule unyevu inaoutaka ili iote. Na mwaka ule, baada ya kupanda, mvua ilikata siku tatu nzima.

Asubuhi nilianza na wimbo wa Shangazi mwenyewe, kwa sababu ndio kila mtu aliokuwa anaungoja. Maneno yake ni machache, mengine anayatunga palepale, lakini umbo lake halibadiliki. Mwimbishaji anatupa swali, wote wanajibu:

*Nimeleta nini leo?*
*Hee, fukia.*
*Mama kaficha nini?*
*Hee, fukia.*

Niliuimba miaka yote ya utoto wangu bila kugundua ulivyotengenezwa. Una mapigo manne. Kwenye swali kuna mawili: pigo la kwanza jembe linaanguka, pigo la pili linavuta udongo. Wakati huohuo, hatua moja nyuma, mwenye mbolea anainama na kumimina, na nyuma yake mwenye mbegu anadondosha. Kisha inakuja "hee", pigo la tatu, na hapo miguu miwili inasukuma udongo kwa pamoja, wa mwenye mbolea na wa mwenye mbegu, huku mchimbaji akiinua jembe. "Fukia" ni pigo la nne, wote wanasogea fundo moja. Ukiusikiliza kwa mbali hutasikia majembe tu, utasikia pia ule mburuzo wa nyayo kwenye udongo, shwaa, kila baada ya swali.

Kwa mwendo wa Shangazi, shimo moja linachukua sekunde sita hivi. Mchimbaji kijana anaweza kuchimba kwa sekunde tatu, na ndiyo maana wageni huona wimbo ule unachosha. Unamzuia mwenye jembe. Lakini haukutungwa kwa ajili yake. Umetungwa kwa ajili ya mtu wa tatu, ambaye lazima achambue mbegu mbili kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, azidondoshe bila kuziachia zirukie kando, afukie, asogee. Mashimo 117 kwa sekunde sita ni kama dakika kumi na mbili kwa mstari. Mistari minne kwa mkupuo, na kuhamisha kamba, tulimaliza mistari 40 kabla ya saa nne kasorobo. Hakukuwa na haraka wala hakukuwa na kusimama.

Tukanywa uji. Jua likatoka, ukungu ukapanda, watu wakaanza kuuliza komoni iko wapi. Nikaona wamelegea. Nami, mtu wa kwaya, nikataka kuwaamsha. Nikaanzisha wimbo ambao kila mtu anaupenda, wa kupuria maharage, ule wa "Piga! Nimepiga! Geuza! Sijageuza!" Shamba likawaka. Vijana wa jembe walikuwa wanarukaruka. Mstari uliokuwa unakula dakika kumi na mbili ukaanza kuisha kwa nane. Kabla ya saa sita tulikuwa tumemaliza mistari 53 iliyobaki, na mjomba wangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba mwimbishaji amepatikana. Nililala usingizi mtamu sana siku ile.

Sasa, pale shambani, na mbegu iliyokufa kiganjani, nilimtajia Shangazi ule wimbo. Hakukasirika. Akaniambia niuimbe, palepale, na nijifanye nina bakuli la mbolea. Nikaimba. Piga, nikainama nikamimina. Nimepiga, nikajikuta nimesogea. Piga, nikamimina. Nimepiga, nimesogea. Akaashiria mguu wangu kwa kile kijiti. Mguu haukuwa umefanya kitu.

Wimbo wa kupura una mapigo mawili tu, kushuka na kupanda, kwa sababu fimbo haina kazi ya tatu. Nilipoupeleka kwenye kupanda, jembe lilipata mahali pake, kizibo kikapata mahali pake, lakini mguu wa mtu wa kati ulikosa mahali pa kukanyaga. Hakuna aliyekusudia kuruka hatua. Mwili ulifuata wimbo tu, na kwenye wimbo ile hatua haikuwemo. Mwenye mbegu alikuja nyuma akadondosha juu ya mbolea iliyo wazi, akafukia vyote pamoja, na kwa juu shimo likaonekana safi kabisa. Hilo ndilo baya lake: ukipita nyuma kukagua huoni kitu. Utaona baada ya siku kumi au kumi na mbili, wakati imekwisha.

Nilimuuliza kwa nini basi hata kwenye mistari mibaya mashimo mengi yaliota. Akanionyesha. Pale ambapo mwenye mbolea alikuwa mama mmoja mzee wa jirani, mstari ulikuwa na mapengo machache. Yule mama hakuwa anaimba. Alikuwa na wimbo wake wa moyoni, akachelewa, vijana wakamcheka. Mapengo makubwa yalikuwa kwa wale walioimba kwa nguvu zaidi.

Tulirudishia mapengo kesho yake, mimi na wadogo zangu, bila wimbo wowote. Mahindi ya kurudishia hayakupata raha. Wenzao walikuwa wametangulia wiki mbili, wakayafunika kivuli, mengi yalibeba mahindi madogo ya kuwachomea watoto.

Nilichokuja kukielewa polepole, msimu ule na uliofuata, ni mahali Shangazi anaposimama. Mimi nilikuwa nimeimba nikiwa mbele, na jembe, uso nimewageuzia watu kila nilipoweza, kama kiongozi wa kwaya. Yeye siku zote yuko nyuma, mtu wa tatu wa mstari wa pembeni, na mfuko wa mbegu. Nilidhani ni kwa sababu ya umri. Kumbe akiwa pale pumzi yake mwenyewe ndiyo saa. Mgongo ukimuuma, swali linarefuka kidogo, na shamba zima linapunguza mwendo bila kuambiwa. Akifika kwenye udongo wenye mabonge, ambako kufukia kunahitaji mguu mara mbili, anaiburuta ile "hee" mpaka mguu wa pili umalize. Mtu wa mbele hawezi kuyajua hayo. Akigeuka nyuma atakuta wenzake wako mafundo sita nyuma, na mashimo yaliyo wazi yanakauka.

Kitu kingine ni mwisho wa mstari. Wimbo ukikatika ghafla, watu wanasimama, wanaanza hadithi, na kuwarudisha ni kazi. Shangazi akibakiza mafundo matatu hivi anaacha maswali, anashika irabu moja ndefu, "eeee", chini kwa chini. Watoto wa kamba wanaijua sauti ile kuliko jina lao. Wanang'oa vijiti, wanapima, wanachomeka, na makundi yakigeuka kamba imeshalala. Vijana walijaribu mwaka mmoja kuleta spika ya simu. Muziki ulikuwa mzuri, lakini spika haiwezi kusubiri kamba. Kufikia mstari wa nane kila mtu alikuwa na mwendo wake, ikazimwa, na nadhani betri haikuhusika.

Na kwaya yangu? Nilijaribu kuwapangia sauti ya pili na ya tatu kwenye kiitikio. Kilipendeza mno. Watu wakaanza kujisikiliza, na jembe la mtu anayejisikiliza linakaa hewani. Shangazi alisema wimbo wa shamba ukiwa mtamu kupita kiasi unageuka ngoma. Kiitikio kizuri ni kile ambacho mtu anaweza kukiitikia huku anatafuna muwa.

Maneno, hayo unayo uhuru nayo. Ndimo watu wanamosema yale ambayo wakiyasema kavu yataleta ugomvi. Mwenye shamba akichelewesha kinywaji, swali linakuwa "Sufuria limeolewa wapi?" na wote, "Hee, fukia." Anayechimba mashimo ya juu juu atasikia habari za kuku anayefukuza vivuli. Hatatajwa jina, na hana wa kumjibu, kwa sababu kujibu ni kuitikia. Nilishawahi kuwa yule kuku, kwa hiyo najua inavyouma.

Nilipata nafasi ya kuusikia wimbo wa kupura mahali pake mwezi wa Juni uliofuata. Maharage yalikuwa yameng'olewa, yameanikwa juu ya turubai mpaka maganda yakawa yanajipasua yenyewe juani. Watu wanne upande huu, wanne upande ule, wanatazamana, kila mmoja na fimbo ndefu kama urefu wake. Upande wangu unashusha kwenye "Piga", upande wa pili kwenye "Nimepiga". Kwa hiyo wakati fimbo nne ziko chini, nne ziko juu. Pale haraka ile ina kazi yake. Ukiimba polepole, fimbo inakaa juu muda mrefu mno, mikono inatetemeka, inashuka vibaya. Na ukichelewa pigo moja fimbo yako inakutana na ya mwenzako hewani. Nina alama kwenye kifundo cha mkono ya kunikumbusha.

Nilichokuwa sijawahi kukisikiliza ni lile neno la mwisho, "Geuza! Sijageuza!" Nilidhani ni utani. Mwimbishaji wa kupura, siku ile alikuwa mjomba, anasikiliza turubai. Rundo likiwa limejaa maganda mazima, fimbo zinatoa mlio mkavu, kra, kra. Maganda ya juu yakipasuka na punje zikishuka chini, mlio unakuwa mzito, kama kupiga godoro. Akiusikia huo anaita "Geuza", mara ya kwanza na ya pili wanamkatalia, ya tatu wanasimamisha fimbo, wanageuza rundo chini juu, wanaanza upya. Akichelewa kuita, fimbo zinaanza kupiga punje badala ya maganda, na maharage yanapasuka vipande viwili. Maharage ya vipande mnunuzi anayasukuma pembeni, au anakata bei.

Baada ya Juni ile sikuwa na shida tena ya kuchanganya. Nilikuwa na shida nyingine: kila nilipotaka kuongoza kupanda, miguu yangu ilikuwa inataka kwenda mbele na jembe.

Desemba iliyofuata Shangazi alikuwa mzima, sauti imerudi yote. Tulipofika shambani kwa jirani yetu, ukungu umejaa hata kamba haionekani mwisho wake, akavua ule mfuko wa mbegu kiunoni akanifunga mimi. Yeye akachukua bakuli la mbolea, akasimama mbele yangu hatua moja, mtu wa kati.

Nikauliza, "Nimeleta nini leo?" Sauti yangu ilitoka ndogo, kwa sababu nilikuwa nimeinama. Vijana wa jembe hawakusikia vizuri, ikabidi nirudie. Wakaitikia. Mguu wa Shangazi ukasukuma udongo, nikauona kwa macho yangu ukifunika zile chembe nyeusi, nikadondosha mbegu zangu mbili. Kwenye fundo la tano nilikimbia kidogo. Hakugeuka. Aliacha mguu wake juu ya shimo, hakuunyanyua, na mimi nikasubiri na mbegu mkononi mpaka "hee" ilipofika tena.